Meza ya Madame Émilie

Djamila binti Hamadi alikuwa na miaka arobaini na tisa, na kwa miaka kumi na minane alikuwa amepamba kumbi za harusi Kisangani: Makiso, Mangobo, Kabondo, hata Lubunga ng'ambo ya mto, akivuka na vitambaa vyake vimefungwa kwenye plastiki visilowe. Alianza kwa kushona shela za maharusi kwenye cherehani ya babake. Baadaye watu wakamwomba apambe na viti, halafu meza, halafu ukumbi mzima. Alikuwa na mwenzake waliyefanya naye kazi, lakini huyo alihamia Kinshasa kumfuata mwanawe, na tangu hapo Djamila alibeba makreti peke yake. Mgongo ulikuwa umeanza kumwambia habari zake.

Ile sikukuu ya wapendanao ilimjia polepole. Kwao Waislamu hawakuwa nayo, na tonton Mohamadi, mdogo wa babake, hakuchoka kumkumbusha. Lakini miaka ya karibuni watu wa mjini waliipenda, na harusi zilikuwa zimepungua. Kwa hiyo kila mwaka, tarehe kumi na nne ya Februari, Djamila alipamba meza za watu wawili wawili, kisha akarudi nyumbani akamkuta mumewe Rachidi, fundi wa nguo, ameshakula na ameshalala. Hakuwahi kuona vibaya. Siku hiyo hata yeye alichotaka kilikuwa godoro tu.

Mwaka huo, siku mbili kabla, mwanamume mmoja alifika kwake asubuhi. Alikuwa mrefu, mwenye miaka hamsini na kitu, shati limepigwa pasi lakini kola imeisha. Alijitambulisha kuwa Nicolas, fundi wa kilimo kule Yangambi, kwenye mashamba ya utafiti, na sasa alikuwa kwenye likizo ndefu, kwake mtaa wa Simi-Simi. Alitoa simu akamwonyesha picha. Njia ya petali nyekundu kutoka mlangoni hadi mezani. Moyo wa petali katikati ya meza. Mishumaa kila mahali. Viti viwili vikitazamana.

"Nataka vile vile," alisema. "Bibi yangu hajue kitu. Iko surprise."

"Bibi iko anafanya kazi gani, papa?"

"Iko mwalimu. Anafundisha batoto ba mangaribi, tangu saa saba. Anarudi saa kumi na mbili."

Djamila alikuwa na maswali yake ya kila siku. Alimuuliza kama mke huvaa miwani, kama kuna mlango mwingine unaoingiza upepo, kama umeme wa mtaa wao unakaa. Nicolas alijibu kwamba umeme hauna ahadi. Kisha Djamila akauliza, "Munakulaka pamoja namna gani? Nani anakaaka wapi?"

Nicolas aliitazama picha kwenye simu. "Kwa sasa hapa, hatukulake pamoja."

Djamila alifikiri ni mambo ya kazi, mmoja Yangambi, mwingine mjini. Angeweza kuuliza zaidi. Lakini sufuria ilikuwa jikoni, na meza mbili za hoteli zilikuwa zinamngoja kichwani. Akakubali.

Siku yenyewe aliamka gizani. Mawaridi ya kweli hufika Kisangani kwa ndege, machache na yaliyokwisha kuchoka, kwa hiyo Djamila alitumia bogenvilia. Alijua ukuta mmoja uliofunikwa nayo, nyekundu iliyoiva, na mwenye nyumba alimruhusu. Aliichuma kabla jua halijaipiga, akaiweka ndani ya kikapu juu ya kitambaa kibichi, akafunika na kingine bila kushindilia. Hibiski hakuigusa. Ni nzuri asubuhi, lakini jioni hujifunga, na ukiikanyaga inaacha doa ambalo sabuni hailitoi.

Meza za hoteli zilimla muda mpaka saa saba mchana. Zilikuwa kwenye baraza la kando ya mto, na upepo wa mto haukumheshimu mtu. Mara tatu alipanga petali, mara tatu zikaenda majini, mpaka akazitia ndani ya bakuli za maji. Alipomaliza, miguu ilikuwa imevimba ndani ya viatu. Alipanda toleka, zile baiskeli za abiria, akapakata kreti moja mapajani. Nyingine mbili zilifungwa kwenye baiskeli ya pili iliyowafuata. Safari ya Simi-Simi ni ndefu kwa mtu aliyechoka. Mwenye baiskeli alikuwa anaongea, yeye alikuwa anaitikia tu.

Nyumba ilikuwa ya matofali, ndogo, safi sana. Nicolas alimfungulia akiwa tayari amevaa kama mtu wa kwenda kanisani. Chakula kilikuwa kimeshaletwa kutoka kwa mama mmoja wa mtaa: liboke ya samaki, bado imefungwa majani, na lituma, ndizi zilizopondwa, ndani ya sahani kubwa iliyofunikwa.

Djamila aliingia sebuleni, akatua kreti, akatazama chumba kama alivyotazama vyumba vyote: mlango uko wapi, dirisha liko wapi, atakayekaa ataona nini. Hapo ndipo alipoona godoro jembamba, limekunjwa na kusukumwa nyuma ya kiti kikubwa. Kando yake palikuwa na sanduku la safari lililo wazi, na nguo za mwanamume zimepangwa ndani yake, kama za mgeni anayejua kwamba siku yoyote anaweza kuambiwa aondoke.

Nicolas alimwona ameona.

"Nilikaa Yangambi miaka ine," alisema. "Na mwanamuke mwingine. Nilirudi mwezi wa kumi na moja. Famille yake walituita, tukakaa, wakasema anipokee. Alinipokea. Donc, nalalaka hapa."

"Na hii meza, papa, unataka ifanye nini?"

"Nataka nimuombe pardon. Muzuri. Si kama kule ku famille."

Djamila alivua viatu, akaanza kazi. Alisogeza meza mbali na mlango wa jikoni, kwa sababu hakuna anayetaka kula akitazama sufuria. Alitandika kitambaa cheupe, akakivuta kila upande kikae sawa, kisha akaweka cha damu ya mzee juu yake kwa upana wa mkono. Petali za moyo wa katikati ya meza alizilaza bapa, zisifikie hata kimo cha ngumi, maana wawili wakitazamana juu ya mlima wa maua hawaonani. Mishumaa aliitia kwenye glasi zenye mchanga kidogo, akaiweka mbali na pazia. Taa yake ya kuchaji ilikuwa na mwanga mweupe, mkali kama wa chumba cha daktari, kwa hiyo aliifunika kwa kitambaa chembamba cha rangi ya chungwa na kuisimamisha sakafuni, pembeni. Mwanga ukapanda ukutani taratibu. Mwisho alimwaga njia ya petali, kutoka kizingitini hadi kwenye kiti cha mke. Sakafu ilikuwa ya simenti iliyosuguliwa ikang'aa, na alijua petali juu ya simenti kama hiyo huteleza, kwa hiyo aliziweka pande mbili na kuacha katikati wazi, nafasi ya miguu.

Lakini Nicolas alitazama simu yake. "Ku picha, imejaa katikati."

"Atateleza, papa."

"Jaza tu, mama. Tafadhali."

Akajaza. Alikuwa amechoka kubishana na picha za watu.

Madame Émilie alifika jua likizama. Ndivyo watu wa mtaa walivyomwita, Madame, kama walimu wote wa kike. Alikuwa mwanamke mfupi, mkoba wa daftari begani, vumbi la chaki kwenye mkono wa blauzi. Alifungua mlango akasimama. Nicolas alikuwa amesimama kando ya meza, mikono imeshikana mbele. Djamila alikuwa karibu na jikoni, na alitaka kujifanya hayupo, kama ilivyo desturi ya kazi yake.

Madame Émilie alitazama maua sakafuni kwa muda mrefu. Kisha akafunga mlango, akiwa nje.

Walisikia hatua zake zikizunguka nyumba. Aliingia kwa mlango wa jikoni, akampita Djamila akimsalimu kwa sauti ya chini, "Jambo, mama," akaweka mkoba wake juu ya stuli.

"Émilie," alisema Nicolas. "Njia yako iko pale."

"Nimeiona. Mi sikanyage maua. Maua tunamwagiaka batu benye walikufa."

Akaja mpaka kwenye meza kutoka upande wake mwenyewe. Nicolas alimvutia kiti. Hakukaa. Aliangalia mishumaa, akaangalia ile taa ya sakafuni chini ya kitambaa chake.

"Hii giza iko ya nini?"

"Si giza. Iko lumière, mwangaza ya polepole. Ya watu wawili."

"Nicolas, miaka ine sikuona sura yako. Sasa unataka kuongea na mi ndani ya giza." Hakupandisha sauti. Alisema kama mtu anayesahihisha daftari la thelathini la siku hiyo. "Na hivi viti. Ku famille walitukalisha hivi hivi, weye kule, mi huku, wazee pembeni. Nilikuangalia masaa tatu. Sitaki tena kukaa kama ku tribunal."

Hotuba aliyokuwa ameiandaa Nicolas ilionekana usoni mwake, na ilionekana ikiondoka. Alikaa kwenye kiti chake peke yake, mbele ya moyo wa petali.

Djamila alianza kukusanya vitu vyake. Ilikwisha kumtokea mara mbili tatu, meza kuvunjika kabla ya chakula, na alijua kwamba mpambaji hatakiwi kubaki. Akazima mshumaa wa kwanza. Madame Émilie akamgeukia.

"Mama, ni weye ulifanya hii yote?"

"Ndiyo, Madame."

"Tangu saa ngapi?"

"Hapa, tangu saa tisa. Maua, tangu usiku haujaisha."

"Na uliisha kukula?"

Djamila alifikiri kabla ya kujibu, kwa kuwa hakukumbuka vizuri. "Mkate, asubuhi."

Madame Émilie aliutua mkoba chini, akavuta stuli ya jikoni, akaketi, akavua viatu vyake. Vidole vyake vilikuwa vimebanwa kama vya Djamila. Djamila naye akakaa juu ya kreti, na wanawake wawili wakasugua kila mmoja miguu yake, mwanamume mezani akiwatazama.

"Nina batoto makumi sita na mbili ndani ya darasa," alisema Madame Émilie mwishowe. "Nasimama tangu saa saba. Mi nilikuwa nataka tu kukula na kulala."

Hapo Djamila alisema jambo ambalo hakuwa amezoea kusema kwenye nyumba za watu. "Madame, meza si msumari. Inaweza kubadilika. Kama unataka niondoe, naondoa. Kama unataka ukule, niambie unataka kukaa namna gani, nitapanga."

Madame Émilie aligeuza uso kuelekea mezani. Harufu ya liboke ilikuwa inatoka kwenye majani yake, samaki na pilipili na vitunguu.

"Nataka nimuone vizuri," alisema. "Lakini sitaki kukaa mbele yake."

Djamila alisimama. Aliinua ile taa kutoka sakafuni, akavua kitambaa cha chungwa, akaiweka juu ya rafu ya vitabu, kimo cha macho ya mtu aliyekaa, upande ambao ingemmulika Nicolas usoni. Hakuiweka juu zaidi, kwa sababu mwanga wa juu hutia kivuli kwenye macho. Mwanga mweupe ukajaa chumba. Kila kitu kikaonekana, hata chaki kwenye mkono wa Madame, hata godoro nyuma ya kiti. Kisha alikichukua kiti cha mke na kukiweka kwenye upande wa pili wa kona ya meza, viti viwili sasa vikipakana pembeni, magoti karibu, macho huru kwenda dirishani mtu akichoka kutazama. Kwenye harusi, watu wa picha hawapendi mpangilio huo. Lakini Djamila alikuwa ameona wazee wengi wakiuchagua wenyewe, wakisogeza viti sherehe ikiendelea.

Ikabaki njia ya petali. Djamila alichukua ufagio wa jikoni, akaufikiria mgongo wake, akampa Nicolas.

"Papa, hii sasa iko yako."

Nicolas alifagia mara mbili. Petali za bogenvilia ni kavu na nyepesi kama karatasi. Ufagio uliziinua zikaruka chini ya viti, chini ya meza, kila mahali. Akaacha ufagio, akapiga magoti na suruali yake ya kanisani, akaanza kuziokota kwa mikono na kuzitia kwenye ndoo. Ilichukua muda. Madame Émilie alimtazama tangu petali ya kwanza hadi ya mwisho, mkono kwenye shavu. Uso wake haukulainika, lakini hakuondoka kwenye stuli.

"Chini ya kabati, nyingine," alisema mara moja. Nicolas akaingiza mkono chini ya kabati.

Alipomaliza alinawa mikono. Madame Émilie aliamka, akaenda pekupeku juu ya simenti safi, akakaa kwenye kiti cha kona. Moyo wa petali ulikuwa bado mezani. Aliusogeza kwa ubavu wa mkono mpaka pembeni, akaweka sahani yake mahali pake.

Djamila alifungua liboke jikoni, akagawa samaki, akakata lituma, akapeleka. Aliporudi jikoni Madame alimwambia bila kugeuka kwamba ajichukulie sahani, na kwamba ale akiwa amekaa. Djamila alikula. Ukuta ulikuwa mwembamba, na hakuwa na pa kwenda.

Kwanza alisikia vijiko tu. Kisha sauti ya Madame.

"Mwaka wenye Jephté alifanya examen d'état, alikuandikia. Barua ilifika?"

Jephté alikuwa mwana wao, sasa anasoma Kinshasa.

"Ilifika."

"Juu ya nini haukujibu?"

Nicolas alikaa kimya muda mrefu. Djamila aliwaza kwamba kwenye ile taa ya chungwa angeweza kuinamisha kichwa, na kimya kikaonekana kama huzuni nzuri. Kwenye mwanga mweupe hapakuwa na mahali pa kujificha.

"Nilikuwa na haya," alisema. "Halafu miezi ikapita, haya ikakuwa mingi. Sikujua tena kuanza."

"Iko jibu ya mutoto hii."

"Ndiyo. Lakini ni ile niko nayo."

Madame aliuliza mengine. Kuhusu mazishi ya mamake mwenyewe, ambayo Nicolas hakuhudhuria. Kuhusu yule mwanamke, kama alimwacha au aliachwa. "Aliniacha," alisema Nicolas, na Djamila, mdomo umejaa lituma, aliona kwamba hapo angeweza kudanganya na hakudanganya. Neno la pardon halikusemwa, au kama lilisemwa, Djamila hakulisikia. Alisikia Madame akisema samaki amezidi chumvi. Alisikia sahani ikisogezwa, na Nicolas akiambiwa aimalize.

Aliosha sahani yake, akaaga kwamba atafuata vitu kesho. Madame Émilie alimsindikiza hadi mlango wa mbele, pekupeku, akasema, "Ulale, mama." Hakusema asante. Djamila aliona ni heri hivyo.

Asubuhi alirudi saa nne. Vitambaa vilikuwa vimefuliwa, vimekunjwa kwa mistari iliyonyooka kama ya daftari. Glasi zilikuwa zimeoshwa, mchanga wake umetiwa kwenye mfuko peke yake. Nicolas hakuwapo; alikuwa ameenda bandarini kuuliza mtumbwi wa Yangambi, kwani likizo yake ilikuwa imeisha.

"Anarudi kule?" aliuliza Djamila.

"Kazi iko kule. Nilimwambia akuje kila samedi. Akikosa moja, asikuje tena." Madame Émilie alimpa kreti ya kwanza, akamsaidia kuinua ya pili. "Godoro iko palepale, mama. Usifikiri maneno mengine. Lakini asubuhi alikunywa chai ku meza, pale pembeni. Hajawahi kukunywa chai ku meza tangu arudi. Alikuwa anakunywaka kwa mulango."

Djamila alisema Mungu atasaidia, kama watu wanavyosema, na akaita toleka.

Alimwona tena Madame Émilie karibu na Pasaka, sokoni, akichagua nyanya. Waliulizana hali. Madame alisema Jumamosi zote Nicolas alikuwa amekuja, isipokuwa moja tu boti ilipokwama, na siku hiyo alipiga simu mara tano mpaka ikamchosha, kwa hiyo aliamua kutoihesabu. Kuhusu godoro hakusema, na Djamila hakuuliza. Madame alisema tu kwamba viti alikuwa hajavirudisha mahali pao pa zamani, kwa sababu hakuwa na nguvu ya kuvisogeza kila mara, na kwamba Nicolas alipokaa hapo aliongea zaidi kidogo kuliko zamani, japo bado si mtu wa maneno.

"Na weye?" Madame Émilie aliuliza. "Ungali unabeba yale makreti peke yako?"

"Ningali."

"Utakufa, mama."

"Bado kidogo," Djamila alisema, na wote wawili wakacheka, kicheko kifupi cha watu waliochoka. Madame alilipa nyanya zake akaenda kufundisha. Djamila alinunua fungu la matembele kwa ajili ya Rachidi, akaenda nyumbani, akalala mchana kutwa.